Vidole vinne vya pindo: tangazo lililokuwa limejificha kwenye sauti ya mama

Mwenye duka dogo akiambiwa aseme mbele ya simu anauza nini, mara nyingi hupatwa na jambo moja kati ya mawili. Ama hukauka, akataja jina na bei na kunyamaza, ama husema kila kitu kilichomo kichwani: bidhaa, madeni, jirani, kodi ya fremu na mgongo unaouma. Huyu wa pili ndiye mwenye bahati, ingawa hajui. Katika maneno yake mengi huwa mna sentensi moja inayoweza kuuza duka zima, ila yeye huipita kama mtu apitaye mlango wa nyumba aliyoizoea.

Ndivyo ilivyokuwa kwa mama mmoja wa Mbagala, Dar es Salaam, anayeshona na kuuza sare za shule. Ilikuwa katikati ya Desemba. Kijana wake alikuwa amemaliza mtihani wa kidato cha nne mwezi uliotangulia na alikuwa nyumbani akisubiri matokeo. Mama alimwomba amtengenezee video fupi ya kuweka kwenye stetasi ya WhatsApp, kama anavyoona wenzake wakifanya. Kijana akamjibu: “Sawa mama, wewe nirekodie tu unachotaka kusema, mimi nitapanga maneno.”

Kwa fundi wa sare, Desemba na nusu ya Januari ndiyo mavuno ya mwaka. Ada ya shule za serikali iliondolewa hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016, lakini sare ilibaki juu ya mzazi, na shule zikikaribia kufunguliwa kila mzazi anaitafuta kwa wakati mmoja. Fundi asiyepata wateja wiki hizo hubaki na nguo ambazo hakuna atakayeziulizia hadi mwaka mwingine. Mama huyu alikuwa amebaki na nguo namna hiyo Januari iliyopita.

Dakika sita na sekunde arobaini

Ujumbe wa sauti ulikuja usiku, na ulikuwa wa dakika sita na sekunde arobaini. Kijana alianza kuusikiliza huku akiandika yaliyomhusu tu, akaona anapotea. Akarudi mwanzo na kuandika kila neno kama lilivyosemwa, na “eeh” zake. Kazi hiyo ilimchukua zaidi ya saa nzima, kwa sababu ilimbidi asimamishe sauti kila baada ya sentensi. Sehemu ya katikati ilisomeka hivi:

“Sketi zipo, kaptula zipo, mashati yapo, masweta nayo yapo, soksi zimebaki za wakubwa. Na wale waliochukua mwaka jana wakasema mwisho wa mwezi, hebu waambie, mwisho wa mwezi gani huo usiofika? Mtu anapita hapa mbele anageuza shingo. Haya. Juzi kaja yule mama wa kule bondeni na sketi ya mwanawe, nilimshonea akiwa la tatu, sasa yuko la tano, nikamfungulia pindo, maana mimi huwa naacha vidole vinne ndani. Wenzangu wanaacha kimoja, kitambaa si ghali. Lakini mtoto si anakua? Nikamshushia, akaenda zake, hata hela sikumchukua. Sasa hapo nilikuwa nasema nini? Eeh, soksi.”

Mama alirudi kwenye soksi. Kijana naye hakuona kitu hapo usiku ule. Alifunga daftari, akaandika tangazo kama yale aliyozoea kuyasikia redioni:

“Je, wewe ni mzazi unayetafuta sare bora, za kisasa na za bei nafuu? Usihangaike tena! Tunakuletea suluhisho la mahitaji yako yote ya sare. Ubora ni kipaumbele chetu. Wote mnakaribishwa.”

Asubuhi alimsomea mama yake akiwa kwenye cherehani. Mama alisimamisha mguu, akacheka mpaka akafuta macho. “Baba, mimi nikisema ‘kipaumbele’ hapa Mbagala watu watajua nagombea udiwani.” Kisha akauliza swali ambalo kijana hakuwa na jibu lake: “Sasa mteja akishasikia hayo, atakuwa amejua nini kuhusu sare zangu?”

Hakuna. Ukiondoa neno “sare” ukaweka “mabati” au “mitungi ya gesi”, tangazo lile lingesimama vilevile. Ndipo ubaya wake ulipo. Wala haukuwa uvivu wa kijana, kwa kuwa mtu anayeandikia duka hujikuta ameazima sauti ya matangazo makubwa akidhani ndiyo sauti ya biashara. Lakini mteja wa duka dogo anamjua mwenye duka. Akimsikia anaongea kama kampuni, kitu cha kwanza anachojiuliza ni nani amemwandikia.

Mafungu matatu

Kijana alirudi kwenye daftari, safari hii akiwa na kalamu ya rangi. Alipitia kila sentensi ya mama yake akijiuliza: mzazi aliyesimama mlangoni angetaka kulisikia hili? Sentensi zikajigawa mafungu matatu.

Fungu la kwanza lilikuwa orodha: sketi, kaptula, mashati, soksi. Hizo ni kweli, lakini kila duka la sare linazo. Mteja akiona sare zimetundikwa mlangoni anajua zipo. Orodha ikala karibu dakika mbili za ujumbe, na katika video haikustahili hata sekunde tano.

Fungu la pili lilikuwa manung’uniko, nayo yalihusu zaidi wadaiwa. Mama alitaka yabaki, tena alitaka watajwe. Kijana akamwambia, “Mama, anayedaiwa hataitazama mara mbili. Atakayeitazama ni yule asiyedaiwa, na atajifunza kwamba ukikosana naye utamtangaza.” Mama akanuna kidogo, lakini hakubisha.

Hata hivyo kijana hakuyatupa manung’uniko yale. Aliyasoma tena akaona yanasema jambo: wateja wa mama yake hawana fedha zote kwa siku moja, na kukopesha kumemshinda. Akamuuliza, je, mtu akianza kulipa kidogo kidogo mapema, na sare akaichukua siku anayomaliza? Mama akasema hiyo anaikubali, kwa kuwa nguo inabaki kwake na daftari la madeni halifunguliwi. Basi malalamiko ya dakika nzima yakageuka sharti la sentensi moja, tena sharti linalomfaa mteja.

Fungu la tatu lilikuwa dogo sana. Lilikuwa na yale mambo ambayo mama huyu huyafanya na jirani hayafanyi, na karibu yote yalikuwa ndani ya habari ya yule mama wa bondeni. Vidole vinne vya pindo. Sketi iliyoshonwa mtoto akiwa darasa la tatu, ikashushwa akiwa la tano. Kijana alimwomba mama yake amwonyeshe. Mama alichukua sketi ya bluu iliyokuwa mezani, akaigeuza ndani nje na kulaza vidole vyake vinne juu ya pindo, kuanzia kidole cha shahada hadi kidole cha mwisho. Vilikaa sawasawa, karibu sentimita saba. Akachukua sketi nyingine iliyonunuliwa ya dukani, akalaza kidole kimoja, pindo likaisha.

Hapo kijana alielewa kwamba tangazo lilikuwa pale mezani. Mzazi yeyote anaweza kulaza vidole vyake juu ya nguo na kujionea. Hahitaji kumwamini mtu.

Ahadi zinazoweza kutimizwa

Kabla ya kuandika tena, alimuuliza mama yake maswali juu ya kila ahadi aliyoitoa kwenye sauti. Hii ndiyo hatua ambayo wengi huiruka, na ndiyo huwarudia Februari, mteja akisimama mlangoni na nguo mkononi.

Mama alikuwa amesema, “Kitambaa changu hakipauki kabisa.” Kijana akauliza kama ni kweli. Mama akafikiri, akasema kinakawia kupauka, lakini cha bluu ukikianika juani kila siku bila kukigeuza, kitapauka tu. Sentensi ile ikaondoka.

Vidole vinne je, humpa mtoto muda gani? Pindo likifunguliwa, lazima kibaki kidole kimoja cha kushonea pindo jipya, kwa hiyo kinachopatikana ni vidole vitatu, kama sentimita tano. Lakini mtoto haongezeki urefu tu, hunenepa pia. Mama huweka lastiki nyuma ya kiuno ili sketi ivutike, nayo ina mwisho wake. Wapo watoto ambao sketi huwabana kiunoni kabla pindo halijahitajika kushushwa. Basi wakakubaliana wasiseme “miaka miwili”. Wangesimulia ya yule mtoto mmoja kama ilivyotokea, na mzazi apime mwenyewe.

Kisha kukawa na jambo ambalo mafundi wote wanalijua na hakuna anayelitangaza. Sketi iliyovaliwa mwaka mzima ikishushwa pindo, pale palipokuwa na mkunjo hubaki mstari, na kitambaa kilichokuwa kimejificha ndani huwa na rangi iliyokolea kuliko cha nje. Kijana alidhani mama angetaka lifichwe. Mama akasema, “Liseme. Akija kulikuta mwenyewe ataona nimemdanganya. Akiwa amelisikia kwangu, atasema fundi alinieleza.”

La mwisho lilikuwa neno “bure”. Mama hakumtoza yule mama wa bondeni, lakini yule alikuwa mmoja. Kufungua pindo, kupiga pasi na kushona upya humchukua kama dakika ishirini. Wakija kumi siku moja wiki ya kufungua shule, saa tatu na zaidi zitakuwa zimekwenda bila shilingi, na oda mpya zimelala. Wakaamua kushusha pindo kuwe bure kwa nguo iliyoshonwa hapo, isipokuwa Januari. Maneno mawili tu yaliongezeka, na yalimwokoa mama asijifunge kwa kinywa chake.

Kuhusu bei walivutana kidogo. Sketi ya mama ni Sh15,000, na upande wa pili wa barabara zipo za Sh12,000. Mama hakutaka bei itajwe. Kijana akasema bei ikifichwa, anayetazama hudhani ni kubwa kuliko ilivyo, akapita. Zaidi ya hapo, mzazi akishaona pindo, atapiga hesabu mwenyewe kwamba sketi mbili za Sh12,000 ni Sh24,000. Jirani asitajwe kabisa. Mama akakubali.

Maneno yalivyokuja kukaa

Kijana aliandika kwa mistari, kila mstari na picha yake, akitumia maneno aliyoyakuta kwenye sauti ya mama yake. Mahali pa “upana wa sentimita saba” aliacha “vidole vinne”. Alipomaliza aliusoma wote kwa sauti, simu ikihesabu muda, maana jicho husoma haraka kuliko mdomo. Mara ya kwanza ilikuwa dakika moja na sekunde ishirini. Akaondoa masweta, akaondoa salamu ndefu, ikafika chini kidogo ya dakika moja. Hivi ndivyo ilivyobaki:

Picha: mikono ikigeuza sketi ya dukani ndani nje. Kidole kimoja juu ya pindo.
Maneno: “Mzazi, chukua sketi ya shule ya mwanao, igeuze, tazama pindo. Likiwa kidole kimoja, akirefuka huna cha kushusha.”

Picha: sketi ya mama, vidole vinne juu ya pindo.
Maneno: “Mimi naacha vidole vinne. Kuna mtoto nilimshonea akiwa la tatu. Sasa yuko la tano, nimemshushia pindo, sketi ni ileile.”

Picha: sketi iliyokwisha kushushwa, mstari ukionekana.
Maneno: “Mstari wa zamani utauona kidogo, sikufichi. Lakini hununui nyingine. Kushusha ni bure kwa niliyoshona mimi, isipokuwa Januari.”

Picha: mama kwenye cherehani, uso unaonekana.
Maneno: “Sketi Sh15,000. Huna yote? Anza kulipa kidogo kidogo leo, unaichukua ukimaliza.”

Picha: mlango wa duka ukitazamwa kutoka barabarani.
Maneno: “Njoo na mtoto nimpime. Nipo nyuma ya kituo cha daladala, mlango wa bluu. Mwisho wa kupima kwa ajili ya Januari ni tarehe 28 Desemba.”

Tarehe ile haikuwa ya kuwatisha watu. Mama hushona sketi sita kwa siku akiwa na msaidizi mmoja, na baada ya hiyo tarehe 28 asingeweza kumaliza oda mpya kabla ya shule kufunguliwa. Kuhusu picha, yule mama wa bondeni alipoombwa alikubali sketi ionyeshwe, lakini mtoto asionekane. Kijana akaipiga nguo ikiwa mezani, bila uso wa mtoto na bila nembo ya shule. Video ya stetasi ikishatoka kwenye simu yako hujui inaishia wapi.

Walirekodi saa moja asubuhi, mlangoni ambako mwanga ni mzuri na daladala bado si nyingi, simu ikiegemezwa kwenye jora la kitambaa. Mara ya kwanza mama alisoma karatasi, akasikika kama mwanafunzi anayekariri shairi. Kijana akaichukua karatasi akaificha. Akashika sketi, akajifanya mteja: “Shikamoo fundi. Hii sketi mbona ghali kuliko ya pale?” Mama akageuka, akaichukua sketi mkononi mwake, na maneno yakatoka yenyewe. Walichukua video fupi tano, moja kwa kila mstari, wakaziunganisha. Bei, mahali na tarehe viliandikwa pia kwa maandishi makubwa, kwa kuwa wengi hutazama stetasi ndani ya daladala bila sauti.

Sentensi ambayo haikuingia

Kulikuwa na sentensi moja ambayo haikuingia katika fungu lolote. Ilikuwa karibu na mwisho wa ujumbe, dakika ya sita, baada ya mama kukohoa na kunyamaza kidogo. Kijana aliiandika kama zilivyoandikwa nyingine, kisha akaacha nafasi chini yake:

“Maana Januari hii ikienda kama ile, baba, hii cherehani nitaiuza. Sitaweza.”

Hakuwa amejua. Nyumbani chakula kilipikwa, umeme ulinunuliwa, na mama hakuwahi kutaja cherehani kwa namna hiyo. Pengine alisahau kuwa anarekodi, au ilikuwa rahisi kuiambia simu kuliko kumwambia mwanawe mezani. Siku mbili kijana alikaa na sentensi ile, akiuliza juu ya pindo na bei. Siku ya tatu, baada ya chakula cha usiku, akauliza kuhusu cherehani.

Mama hakukana. Majora mawili ya kitambaa cha bluu yaliyosimama nyuma ya mlango yalikuwa yamenunuliwa kwa mkopo wa kikoba, na marejesho yalikuwa kila Jumamosi. Mkopo wa mwaka uliopita ulikuwa umeisha kulipwa Agosti tu, kwa fedha ya kushona mapazia. Alikuwa hajamwambia kwa sababu ya mtihani. “Ungesoma vipi na hilo kichwani?”

Usiku ule waliandika hesabu yote kwenye kurasa za nyuma za daftari lilelile: deni limebaki kiasi gani, kila sketi inabakiza shilingi ngapi baada ya kitambaa, uzi na mshahara wa msaidizi, na sketi ngapi zikiuzwa kabla ya kila Jumamosi zinatosha marejesho. Jibu lilikuwa sketi tisa kwa wiki. Mama alilitazama lile tisa kwa muda mrefu. Kabla ya hapo deni lilikuwa hofu isiyo na kipimo, na sasa lilikuwa limepata namba.

Video haikusambaa nchi nzima. Waliiona watu wasiofika mia, wengi wao wa mtaa uleule, na baadhi wakaipeleka kwenye magrupu ya wazazi wa darasa. Wiki ya kwanza walikuja kumi na mmoja. Wanne walianza kulipa kidogo kidogo. Watatu walikuja na sketi zilizonunuliwa kwingine, wakiomba zishushwe pindo. Mama akazigeuza mbele yao, akalaza kidole chake, hakukuwa na kitu cha kushusha. Wawili kati ya hao watatu waliwaleta watoto kupimwa.

Kijana ameanza kukaa dukani alasiri, akifunga vifungo na kuandika waliolipa. Jumamosi ya kwanza walipeleka marejesho pamoja, na njiani mama alimweleza mengine ambayo hakuyasema kwenye simu.